Dondoo muhimu: Ujumbe wa kazi ya Ghuba kwenye WhatsApp

Ukiandikiwa kwamba umepata kazi Dubai au Doha hata kabla ya kusailiwa, kagua haya:

1. Usilipe "ada ya vipimo" kwa M-Pesa. Jina linalotokea likiwa la mtu binafsi, sitisha muamala.
2. Mtafute wakala kwenye orodha ya waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira (NEA).
3. Jina likiwemo, bado wapigie ofisini. Matapeli huazima majina halali. Usitumie nambari iliyo kwenye ujumbe.
4. Usitume picha ukiwa umeshika kitambulisho. Inaweza kutumiwa kukopa kwa jina lako.
5. Nakala ya pasipoti isubiri usaili na mkataba wa maandishi.
6. Umeshatuma pesa? Wapigie Safaricom papo hapo, kisha uripoti polisi.