Nani Anasema "Sisi"? Kuandika Kijitabu cha Mazishi Pale Msiba Unapokuwa na Watu wa Imani Mbalimbali



Vijana wenzangu, mtaani wakishajua kwamba una kompyuta na unaandika Kiswahili kinachosomeka, kuna kazi itakufikia tu siku moja: kuandaa kijitabu cha ibada ya mazishi. Mara nyingi inakuja saa mbili usiku, na steshenari wanataka faili kesho asubuhi. Mimi iliniangukia likizo iliyopita, kwa sababu moja rahisi: "Frateri si yupo?"

Msiba wenyewe ulikuwa Kilema, Kilimanjaro. Bibi aliyefariki alizaliwa Machame katika familia ya Kilutheri, akaolewa Kilema kwa Wakatoliki. Mtoto wake mmoja wa kiume alisilimu, na wakwe zake walikuwa wanakuja kutoka Tanga. Mjukuu mmoja ni mchungaji wa kanisa la Kipentekoste. Wote hawa wangekaa chini ya turubai moja wakiwa na karatasi ileile mkononi.

Miaka mitatu ya falsafa imenizoesha kuuliza neno hili lina maana gani. Kwenye kijitabu cha mazishi kuna swali la kuanza nalo kabla ya hilo: sentensi hii inasemwa na nani? Ukiandika "tunaamini", "tunaomba" au "tunapokea", hiyo "tu-" inabeba watu. Je, shemeji wa Tanga yumo? Mama mkubwa wa Machame yumo? Usipoamua, unamlazimisha mtu asome kwa sauti jambo asiloliamini, au unamfanya ajione mgeni kwenye msiba wa mama yake mzazi. Kwa hiyo nilipitia rasimu ya familia na kalamu, na pembeni ya kila sentensi nikaandika: padre, wote, Wakatoliki, au familia. Kazi ikawa nyepesi kuanzia hapo.

Chukua ukaribisho. Rasimu ilianza na "Wapendwa katika Kristo", na chini yake: "Wasio Wakatoliki mnaombwa kuheshimu utaratibu." Hiyo ya pili inafaa kubandikwa mlangoni mwa ofisi ya serikali. Hiyo ya kwanza ni nzuri, ila ni ya padre, na ataisema mwenyewe katika nafasi yake. Kwenye ukurasa wa kwanza anayeongea ni familia, na familia ina salamu yake ambayo Mkristo na Muislamu wanaipokea sawasawa, nayo ni pole. Tukaandika hivi:

"Ndugu, jamaa na marafiki, poleni kwa msiba na poleni kwa safari. Tumekuja kumsindikiza mama yetu, aliyetupikia sote bila kuuliza nani anasali wapi. Ibada itafuata taratibu za Kanisa Katoliki, alimosali hadi mwisho wa maisha yake. Maneno yenye herufi nene ni ya kuitikia. Yale yasiyo ya imani yako, yasikilize kwa utulivu. Kuwepo kwako ni faraja kwetu."

Ona kwamba hatukuficha kitu. Misa ni Misa, na Wakatoliki tunawaombea marehemu. Hatuwezi kuipunguza ili ifanane na ibada ya kila mtu, na wageni wenyewe hawakuomba hivyo. Wanachohitaji ni kujua lini wasimame, lini waitikie, na kwamba kunyamaza hakutahesabiwa kuwa dharau.

Kwenye nyimbo usiandike namba peke yake. Namba ya Tenzi za Rohoni haimsaidii aliyeshika kitabu cha kwaya ya parokia, na mwenye Mwimbieni Bwana ya Kilutheri anatafuta kwingine kabisa. Chapa maneno yenyewe, beti tatu zinatosha. Wimbo mmoja unaojulikana pande zote uweke mwanzoni kabisa, kwa sababu watu wakishaimba pamoja mara moja wanakuwa wamepata ujasiri wa kubaki. Sisi tulichagua "Kaa Nami". Wimbo wa Bikira Maria haukuondolewa, ila juu yake tuliandika "Wimbo wa WAWATA". Kina mama wenzake wakamwimbia, na wengine wakasikiliza bila mtu kujiuliza kama anatakiwa kufungua mdomo. Na kwa njia ya kwenda kaburini usichape beti kabisa. Nani atasoma akishuka kihambani katikati ya migomba, kiatu kimejaa tope? Weka wimbo wenye kiitikio kifupi, mwimbishaji aongoze, watu waitikie.

Mahali ambapo kila Misa ya mazishi ya mchanganyiko inajikwaa ni Baba Yetu. Wakatoliki tunasema ufalme "ufike", Waprotestanti wanasema "uje", na tofauti ziko nyingine kadhaa humo ndani. Kisha mwishoni Waprotestanti wanaendelea moja kwa moja na maneno ya ufalme na nguvu na utukufu, wakati katika Misa padre anaingiza kwanza sala yake ndipo wote tunayasema. Matokeo yake nusu ya watu wananyamaza, nusu wanaendelea, halafu wanaoendelea wanajishtukia na kuinamisha vichwa. Dawa yake ni kuchapa sala nzima kama inavyosaliwa kwenye Misa, na chini yake mstari mmoja: "Hapa tunasubiri. Padre ataendelea, kisha sote tutaitikia pamoja." Mstari unaofuata uwe lile itikio lenyewe.

Kuhusu Komunyo, andika kinachofanyika, wala usianze na nani amekatazwa. Tuliandika: "Wakatoliki waliojiandaa watapita mbele kupokea Komunyo Takatifu. Wapendwa wengine, tunaomba mbaki mmeketi, mkitukumbuka katika sala." Familia nyingine huuliza kama wageni wanaweza kupita kupokea baraka. Hilo muulize paroko kabla ya kuchapa, maana desturi hazifanani. Muulize pia habari ya wasomaji. Mwongozo wa Ekumene wa mwaka 1993, namba 133, unasema masomo katika Misa ya Kikatoliki husomwa na Wakatoliki, na ruhusa ya kufanya vingine ni ya askofu. Ndiyo maana yule mjukuu mchungaji hatukumwandika kwenye somo la kwanza. Aliongoza sala ya usiku wa mkesha nyumbani, jina lake likaonekana kwenye ratiba ya mkesha, na hakuna aliyeona amenyimwa.

Sasa wasifu. Hapa ndipo tulipokaa muda mrefu, na ndipo familia ilipokaribia kugombana.

Kwanza mahali pake. Mwongozo Mkuu wa Misale ya Roma, namba 382, unataka mahubiri mafupi katika Misa ya mazishi na hauruhusu mahubiri kugeuzwa hotuba ya kumsifu marehemu. Kwa hiyo wasifu una nafasi yake tofauti: nyumbani kabla ya Misa kuanza, au baada ya sala ya Komunyo kabla ya sala za kumkabidhi marehemu kwa Mungu, kadiri paroko atakavyoelekeza. Tulipewa nafasi hiyo ya pili, dakika tano. Maneno kama 350 yanatosha ukisoma taratibu, na msomaji wa wasifu lazima asome taratibu, kwa sababu atalia.

Rasimu ilisema bibi "aliongoka na kuingia Kanisa la kweli alipoolewa." Dada yake, mzee wa kanisa huko Machame, angekaa mstari wa mbele akisikia kwamba nyumba aliyolelewa marehemu ilikuwa ya uongo. Wajomba wakaanza kuvutana: mmoja anasema ukweli usemwe, mwingine anasema basi habari ya Machame ifutwe yote. Nilichowaonyesha ni kwamba sentensi ile haikuwa sahihi hata kwa mafundisho yetu wenyewe. Kanisa Katoliki linautambua ubatizo wa Kilutheri na haliurudii. Bibi hakubatizwa mara ya pili, alipokelewa. Basi ikaandikwa: "Alibatizwa akiwa mtoto mchanga katika usharika wa Kilutheri huko Machame, ambako wazazi wake walimfundisha kusali. Alipofunga ndoa alipokelewa katika ushirika kamili na Kanisa Katoliki." Usharika ni neno lao, parokia ni neno letu, na kila moja likae mahali pake. Mjomba aliyetaka ukweli aliupata, na yule mama wa Machame aliwasikia wazazi wake wakitajwa kwa heshima.

Watoto waliorodheshwa kwa kufuata kuzaliwa, pamoja na wawili waliotangulia. Yule aliyesilimu alikuwa ameandikwa kwa jina lake la ubatizo. Niliuliza kama bibi mwenyewe alikuwa anamwita hivyo. Wakacheka. Alikuwa anamwita kwa jina lake jipya tangu siku alipolichagua, tena kwa kulikosea kosea. Jina hilo ndilo likachapwa. Ugonjwa hatukuutaja, kwa sababu watoto hawakukubaliana wote. Na sentensi ya "sasa ni malaika mbinguni" niliomba iondoke: binadamu hageuki malaika, na kama tuna uhakika kwamba ameshafika, Misa tunamwombea nini? Neno "marehemu" lenyewe linatosha. Limetoka katika Kiarabu, na maana yake ni aliyerehemiwa. Wakwe wa Tanga wanalielewa vizuri kuliko sisi.

Kaburini maandishi yawe machache kuliko kote: padre anabariki kaburi, jeneza linashushwa, sala, maji ya baraka, ubani, udongo. Maji yanakumbusha ubatizo, hivyo tuliandika "wanaopenda". Kwenye udongo tuliandika "wote", kwa sababu hata Waislamu katika maziko yao hutia udongo kwa mkono, na mtoto yeyote anaweza kumfukia mama yake. Mashada yaitwe kwa makundi: watoto, wajukuu, ukoo, wakwe, WAWATA, majirani. Ukiorodhesha majina ya watu arobaini, mvua ya Kilimanjaro haitawasubiri.

Shukrani ziandikwe kwa makundi vilevile, bila kutaja michango ya fedha. Usiwashukuru watu wa imani nyingine kwa "kutuvumilia", kana kwamba walikaa kwenye adhabu. Washukuru kwa kuja. Kisha weka mstari ambao vijitabu vingi huusahau: "Chakula kimeandaliwa nyumbani kwa jirani upande wa juu. Nyama imechinjwa na ndugu zetu Waislamu, karibuni wote." Bila mstari huo, mgeni Muislamu anabaki kuuliza kwa kunong'ona, au anaondoka na njaa akielekea safari ya Tanga.

Kabla ya kuchapa, wape watu watatu wasome: paroko, ndugu mmoja wa Kiprotestanti, na ndugu mmoja wa Kiislamu. Sisi tulituma kwa simu usiku uleule. Paroko alibadilisha somo. Mama wa Machame alisahihisha jina la usharika. Shemeji wa Tanga alijibu saa sita kasoro usiku kwamba kwake hakuna neno la kubadilisha, ila herufi ziongezwe ukubwa, kwa kuwa wazee watakuwa wengi. Tukaongeza, kurasa nane zikawa kumi na mbili, yaani karatasi tatu za A4 zilizokunjwa badala ya mbili, na steshenari wakapandisha bei.