Faili la kesi ya mjomba

Swali: Mjomba amehukumiwa kifungo Mahakama ya Wilaya, nasi tunataka kukata rufaa. Karatasi zimetapakaa kwa ndugu watatu. Tuanzie wapi?

Jibu: Anzeni na tarehe, dada, maana ndizo zinazoua rufaa nyingi. Kwa kesi ya jinai Tanzania Bara, kutoka Wilaya kwenda Mahakama Kuu, notisi ya kusudio la kukata rufaa hutolewa ndani ya siku 10 tangu hukumu, na rufaa yenyewe ndani ya siku 45. Muda wa kusubiri nakala ya hukumu na mwenendo wa kesi hauhesabiwi katika hizo siku 45, ila lazima muuthibitishe.

Tuseme hukumu ilisomwa tarehe 3 Machi, mkaomba nakala kwa barua tarehe 5, mkazipata 20 Mei. Barua ile yenye muhuri wa kupokelewa, pamoja na uthibitisho wa siku mliyokabidhiwa nakala, ndiyo kinga yenu. Ziwekeni mbele kabisa ya faili.

Ndani ya jalada andikeni namba ya kesi kama ilivyo kwenye hukumu, simu ya wakili, na jina la gereza. Akihamishwa, badilisheni siku hiyo hiyo. Risiti zile za karatasi laini hufifia, basi zitoeni fotokopi mapema na mwandike nyuma zililipiwa nini. Pesa ya wakili bila risiti? Daini.

Faili likae kwa mtu mmoja. Wengine wapewe nakala, na asili isitoke bila kuandikwa nani kaichukua.