Kwa nini floti hudondoka ghafla, na namna ya kuipiga

Kwenye kiwanja cha udongo tunachochezea hapa Gakoromone, mjini Meru, vijana wanaojifunza voliboli hutaka waanze na sevu ya kuruka. Unarusha mpira juu mbele yako, unakimbia hatua tatu au nne, unaruka na kuupiga kwa nguvu huku ukikunja kifundo cha mkono ili uzunguke kwenda mbele. Mzunguko huo huuvuta mpira chini, kwa hiyo unavuka wavu kwa kasi na bado unaangukia ndani. Wanaume wa kiwango cha juu duniani huupiga kwa zaidi ya kilomita 120 kwa saa. Hata hivyo njia yake inasomeka. Mpokeaji anajua utaangukia wapi. Kinachomshinda ni muda wa kufika hapo.

Mimi huwaanzisha na floti. Haihitaji kuruka, na ikipigwa vizuri inamsumbua hata mpokeaji aliyeshafika mahali pake. Ukitazama mechi za wanawake, zikiwemo za Malkia Strikers, utaona floti nyingi sana.

Siri yake ni kwamba mpira hauzunguki. Hewa inayoupita hushikamana na ngozi yake, kisha hujitenga nyuma na kuacha mkia wa hewa iliyovurugika. Mpira ukiwa na kasi kubwa, hewa hushikamana nao kwa muda mrefu zaidi, mkia unakuwa mwembamba na upinzani unakuwa mdogo. Kasi ikishuka hadi kiwango fulani, takriban mita 15 kwa sekunde, hewa hujitenga mapema, mkia unapanuka, na upinzani unaweza kupanda zaidi ya maradufu. Mpira unakuwa kama umeshikwa breki angani. Mpokeaji aliyekuwa akiungoja kifuani anaukuta magotini.

Kuyumba pembeni ni jambo la pili. Vipande vya ngozi na mishono yake havikai sawasawa pande zote, kwa hiyo hewa inaweza kujitenga mapema upande mmoja kuliko mwingine na kuusukuma mpira. Ukizunguka haraka, tofauti hiyo hubadilika kila mara na kujifuta. Usipozunguka, msukumo hudumu vya kutosha kuupotosha, na ukijigeuza kidogo tu angani msukumo nao unageuka. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Tsukuba, Japani, waliupima mpira kwenye handaki la upepo wakaona kwamba hata namna vipande vilivyoelekea hubadilisha upinzani. Ndiyo maana mpigaji mwenyewe hajui utaelekea kulia au kushoto.

Sasa mkono. Shika mpira mbele ya bega la mkono unaopigia, uurushe juu kidogo tu, kama nusu mita, bila kuuzungusha. Hapa ndipo floti nyingi huharibika: mpira uliorushwa ukizunguka hautulii hata ukipigwa vizuri. Kaza kifundo, upige katikati kabisa kwa sehemu ngumu ya chini ya kiganja, kisha usimamishe mkono palepale. Mlio uwe mfupi na mkavu. Kupima kazi yako, mwambie mwenzako asimame ng'ambo atazame vali au maandishi ya mpira. Akiyaona wazi mpaka mpira unamfikia, umepiga floti. Yakichanganyika, kiganja chako kimegusa pembeni au kifundo kimelegea.

Baada ya hapo, cheza na umbali. Tuseme unapiga kwa mita 18 kwa sekunde ukiwa kwenye mstari wa nyuma. Mpira unaweza kumfikia mpokeaji kabla haujapungua hadi kiwango kile cha breki, naye akaupokea kwa urahisi. Rudi nyuma mita 2 au 3, upige vilevile, nao utapungua kasi ukiwa karibu naye. Ukigonga wavu, inua mkono kidogo badala ya kuongeza nguvu, kwa sababu nguvu ikizidi breki hiyo inachelewa na mpira unatoka nje.

Sisi wa Meru tuna jambo letu la kuzingatia. Mji uko juu, karibu mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa zaidi ya asilimia 10. Floti iliyozoea kuangukia mita moja ndani ya mstari hapa, kule inaweza kuangukia karibu zaidi na wavu, na pengine isiuvuke. Timu ikishuka Pwani, tumieni mazoezi ya kwanza kupiga floti tu. Kila mpigaji asogee kuelekea mstari hatua moja moja mpaka mipira yake ivuke wavu kwa nafasi aliyoizoea nyumbani, kisha akumbuke aliposimama.