Picha ya wima kuwa bango

Swali: Nina picha ya wima ya mama akiwa mlangoni mwa duka lake la vitambaa, pikseli 2000 kwa 3000. Nataka bango ambalo upana wake ni mara tatu ya kimo. Kila nikiipanua, pembeni panatoka vituko. Nifanyeje?

Jibu: Kata kwanza, ndipo upanue. Ukibakiza kimo chote cha 3000, bango litahitaji upana wa 9000, yaani pikseli 7000 zibuniwe na programu. Ukikata ukabaki na kichwa hadi kifua, kimo cha 1000, upana unaohitajika ni 3000 tu. Hapo unaongeza 500 kila upande, na theluthi mbili za bango ni picha halisi.

Katika Photoshop, chagua Crop, weka Fill kuwa Generative Expand, vuta upande mmoja, kisha bonyeza Generate. Maliza huo ndipo uende wa pili. Kisanduku cha maelezo kiache wazi, programu iendeleze ukuta na rafu ilizoziona.

Angalia kinachogusa ukingo. Kiwiko kilichokatwa hapo huzaa mkono wa ajabu, kwa hiyo kifute kabla ya kupanua. Kisha kuza picha hadi asilimia 100 ukague maungio: vivuli vielekee upande mmoja, na maandishi yasiyosomeka kwenye rafu yaondolewe. Sehemu mpya ikiwa laini kuliko picha, iongezee chembechembe kidogo kwa Add Noise.