Kusahihisha Prufu: Alama za Pambizoni na Karatasi ya Mtindo

Mpanga chapa anayepokea prufu yetu hasomi matini upya. Hupitisha macho pambizoni na kutekeleza anachokiona hapo. Katika nchi zetu huenda pia hajui Kiswahili. Kwa hiyo kila sahihisho huandikwa mara mbili: ndani ya mstari, kuonyesha mahali pa kosa, na pambizoni, kuonyesha la kufanya. Sahihisho lililoandikwa ndani ya mstari pekee huweza kupitwa bila kuonekana.

Tuchunguze mstari huu wa prufu:

Kwahiyo mkulima alinunua ngombe mweeusi sokoni.

Tunaanzia kushoto. Kati ya "Kwa" na "hiyo" tunachora mstari wima, na pambizoni tunaandika #, yaani weka nafasi. Kati ya "g" na "o" ya "ngombe" tunaweka alama ya kofia (^), na pambizoni tunaandika ritifaa. Ritifaa hiyo tunaiwekea umbo la V chini yake, ili isidhaniwe kuwa mkato. Katika "mweeusi" tunakata "e" moja, na pambizoni tunachora kitanzi chenye mkia, yaani futa. Kwa kuwa herufi iliyofutwa imo katikati ya neno, tunaongeza vijipinde viwili, juu na chini ya alama hiyo, ili herufi zinazobaki ziunganishwe. Alama za pambizoni hufuata mpangilio wa makosa katika mstari, na kila moja humalizwa kwa mkwaju (/).

Je, iwapo "ngombe" limejitokeza katika kurasa nyingi? Hapo ndipo karatasi ya mtindo inapohitajika. Hii ni orodha ya maamuzi ya tahajia inayoambatanishwa na prufu. Tukiandika humo tu kwamba "ngo" iwe "ng'o", mpanga chapa ataiamuru kompyuta ibadilishe kila mahali, nasi tutapata "ng'oma", "ng'ozi" na "shing'o". Mwanafunzi ambaye Kiswahili si lugha yake ya kwanza atayatamka maneno hayo kama yalivyochapwa. Basi tunaorodhesha maneno kamili, wala si herufi:

Yenye ritifaa: ng'ombe, ng'oa, ng'ambo, ng'ara.
Yasiyo na ritifaa: ngoma, ngozi, ngano, nguo, shingo.
Maneno mawili: kwa hiyo, kwa sababu.
Neno moja: isipokuwa, ijapokuwa.

Prufu ya pili inaporudi, tunailinganisha na ya kwanza, alama kwa alama. Kisha tunausoma tena mstari mzima uliosahihishwa, kwani herufi moja ikiongezwa, maneno huweza kusogea na neno la mwisho likakatwa vibaya.

Zoezi

Sahihisha mstari ufuatao kwa alama tatu tu, kisha ueleze ni maneno gani mawili yenye "ngo" ambayo hukuyawekea ritifaa, na kwa nini.

Mgeni kutoka ngambo alinunuua ngoma nangozi.