Maneno ya Fundi Asiyekuwapo: Haki Yako ya Kuuliza Maswali Barazani

Tuchukue mfano wa kubuni. Mwenye mashine ya kusaga nafaka huko Somanda, Bariadi, anadaiwa kwamba aliichezea mita ya umeme. Mtoa huduma amekata umeme na anadai malipo ya miezi kadhaa. Malalamiko ya namna hii yasipotatuliwa na mtoa huduma, hufikishwa EWURA, na asiyeridhika na uamuzi hukata rufaa Baraza la Ushindani.

Katika usikilizwaji, ofisa wa mtoa huduma anaeleza: "Fundi wetu alituambia kuwa alikuta lakiri ya mita imekatwa." Fundi mwenyewe amehamishwa, hakuja. Huo ni ushahidi wa kuambiwa. Mahakamani, Sheria ya Ushahidi ya mwaka 1967 hutaka aliyeona kwa macho yake aje mwenyewe aseme, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa na sheria. Vyombo vya kusikiliza malalamiko kwa kawaida havibanwi kwa ukali huo, kwa sababu walalamikaji wengi huja bila wakili. Basi maneno ya ofisa yaweza kupokelewa. Lakini kupokelewa si kuaminiwa; uzito wake hupimwa baadaye.

Hapo ndipo maswali ya dodoso yanapohitajika. Mlalamikaji asianze kuhutubia au kugombana, kosa tunaloliona mara nyingi. Aulize maswali mafupi: Je, wewe ulifika kwenye mashine? Nani alifungua kisanduku cha mita? Namba ya lakiri iliandikwa wapi? Nilikuwapo, na nilitia sahihi fomu ya ukaguzi? Picha iko wapi? Ofisa akijibu "sijui, fundi ndiye anayejua," jibu hilo liachwe lilivyo. Kisha mlalamikaji aombe fundi aitwe, au fomu ya ukaguzi itolewe na apewe muda wa kuisoma, na ombi hilo liandikwe kwenye kumbukumbu.

Kunyamaza kuna gharama. Mahakama ya Rufani imesema zaidi ya mara moja kwamba jambo ambalo shahidi hakuulizwa huchukuliwa kuwa limekubaliwa.

Kipimo hicho humgusa mlalamikaji pia. Akisema "kijana wangu aliniambia mafundi walikuja usiku," naye ameleta maneno ya kuambiwa. Afadhali kijana aje.

Msingi wa yote ni Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba, inayotoa haki ya kusikilizwa kikamilifu. Katika shauri la Mbeya-Rukwa Autoparts la mwaka 2003, Mahakama ya Rufani ilieleza kuwa haki ya kusikilizwa ni haki ya msingi ya kikatiba. Kwa hiyo taratibu zinaweza kulegezwa, lakini uamuzi unaosimama juu ya maneno ya fundi pekee, huku mlalamikaji amezuiwa kuyahoji, unaweza kutenguliwa katika rufaa. Ndiyo maana tunasisitiza ombi liandikwe: hoja ya rufaa hutafutwa kwanza ndani ya kumbukumbu za siku ile.