Ng'ombe Mgeni: Fanya Hili, Usifanye Lile

Wafugaji wa Rongai, Solai, Bahati na Subukia, leo nasema na ninyi mlionunua ng'ombe wa maziwa kwa mara ya kwanza. Wengi mmemtoa Kinangop, Ol Kalou au Molo, kwenye baridi ambako kupe ni wachache, mkamshusha kwenye joto. Huko alikotoka huenda hajawahi kupambana na ndigana kali, ule ugonjwa mnaouita Isti Kosti, kwa hiyo hana kinga. Masharti ya leo ni ya mwezi mmoja. Yashike yote.

Fanya: Uliza kabla ya kulipa. Muulize muuzaji kama ng'ombe amechanjwa ndigana kali, na uone kadi au hereni ya chanjo sikioni. Kama hajachanjwa na mnaweza kungojana, achanjwe huko huko na akae karibu mwezi mmoja ndipo ahame, maana kinga haiji kwa siku moja. Chukua pia kibali cha kumsafirisha kutoka ofisi ya mifugo. Karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikiwa imetangazwa, usimsafirishe.

Usifanye: Usimchanganye na wengine. Mtenge wiki tatu hadi nne, na ndoo yake na hori lake. Mkamue mwisho, na unawe mikono. Daktari ampime damu kuangalia ugonjwa wa kutupa mimba, naye atazame matiti yote manne kama yana ugonjwa wa kiwele.

Fanya: Mnyunyizie dawa ya kupe mara mbili kwa wiki. Kupe mwenye ugonjwa akishamng'ata ng'ombe huhitaji siku kadhaa za kunyonya kabla vijidudu havijakomaa na kuingia mwilini. Ukimuua mapema, umemkatia njia. Kupe huyu wa kahawia hupenda sikio, kwa hiyo shika sikio, likunjue, unyunyizie ndani. Kisha nenda chini ya mkia, kwenye mapaja na kiwele. Changanya dawa kama kibandiko kinavyosema. Ukiizimua ili idumu, unawazoesha kupe. Majani uliyokata kando ya barabara wanakopita ng'ombe wa jirani huja na kupe, hata kama wako hatoki bandani.

Fanya: Pima joto kila asubuhi, kabla jua halijawaka. Nunua kipimajoto. Kipake mafuta, kiingize kwenye njia ya haja kubwa kikiwa kimegusa ukuta wa ndani, ukishikilie hadi kilie, kisha andika. Ng'ombe mzima huwa kati ya 38 na 39.3.

Tuseme ng'ombe wako amefika Jumamosi. Siku ya 12 asubuhi unasoma 40.6. Anakula, na maziwa yamepungua kidogo tu. Papasa chini ya sikio na mbele ya bega: ukikuta tezi imevimba, mpigie daktari saa hiyo hiyo. Dawa yenyewe ni buparvakwoni, nayo hufanya kazi vizuri ikiwahi. Kiasi chake ni mililita 1 kwa kila kilo 20, kwa hiyo ng'ombe wa kilo 400 anahitaji mililita 20. Ukingoja hadi akohoe, ahemewe na kutoa povu puani, mapafu yamekwisha kujaa maji, na dawa hiyo ghali huenda isimwokoe.

Usifanye: Usimchome sindano kwa kubahatisha. Kikohozi cha ndigana kali kinafanana na nimonia, na wengi hupoteza siku tatu wakitibu nimonia. Daktari achukue maji ya tezi yaangaliwe kwa hadubini. Usipunguze dozi ili kuokoa shilingi. Na maziwa ya ng'ombe aliye kwenye dawa usiyapeleke kwa chama wala usimpe mtoto, mpaka siku alizotaja daktari ziishe.

Usifanye: Usimbadilishie chakula ghafla. Nunua kwa muuzaji magunia machache ya nyasi aliyozoea, uzichanganye na zako, ukiongeza zako kidogo kidogo kwa siku 10 hadi 14. Unga wa maziwa nao upandishe nusu kilo kila baada ya siku mbili au tatu. Ukimrundikia unga ili lita zipande wiki ya kwanza, tumbo litachacha: kinyesi kitakuwa majimaji chenye harufu kali, naye ataacha kucheua. Maji yasikauke horini. Wa maziwa hunywa lita 60 na zaidi kwa siku.

Usifanye: Usimhukumu kwa maziwa ya wiki mbili za kwanza. Safari na ugeni hupunguza lita. Lakini lita zikishuka na joto likapanda, hiyo si safari. Mwite daktari kabla hujamlaumu muuzaji.